Mwongozo kamili: Kutengeneza besi nene ya analogi ambayo filta yake inatembea ndani ya kila noti

Biti nyingi zinazonifikia kutoka kwa maprodyuza wa hapa Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Nyegezi, zina kasoro ileile kwenye besi. Mtu amefungua sintesaiza, amechagua wimbi la msumeno, ameunganisha envelopu na filta kama alivyoona kwenye video, lakini besi inatoka ama inawasha masikio mwanzo hadi mwisho, ama imezibwa kabisa. Ule mwendo wa "dwau", noti inayofunguka inapopigwa kisha inajifunga yenyewe, haupo.

Mara nyingi vifaa havina shida. Shida ni mpangilio wa kazi. Filta na kiasi cha envelopu vinazungushwa kwa pamoja mpaka mtu hajui tena kipi kinafanya nini, na muda wa envelopu haujalinganishwa na urefu wa noti. Hapa tunatengeneza sauti moja tu, kwa wimbo mmoja tu, hatua kwa hatua: pop ya tempo 100, ufunguo wa A minor, besi inapita kwenye A, F, C na G, baa moja kila moja.

## Vitu vya kuandaa

Sintesaiza: Vital. Toleo la bure linatosha kwa kila kitu kilichomo humu. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, ndani ya FL Studio, Reaper, Ableton Live na nyinginezo. Kama unatumia sintesaiza nyingine yenye osileta tatu, filta moja na envelopu mbili, mantiki ni hiyohiyo. Majina ya vitufe tu ndiyo yatatofautiana.

Hedifoni za kuziba masikio, hata za bei ya kawaida. Usifanye kazi hii kwa spika za laptopu, maana sehemu ya chini ya besi hutaisikia hata kidogo.

Simu yako na sabufa ya nyumbani kwa ajili ya majaribio. Wimbo wa pop hapa kwetu utasikilizwa kwenye simu ndani ya daladala, halafu jioni kwenye sabufa ya jirani. Vyote viwili vina matatizo yao na tutavihitaji mwishoni.

Kipimo cha masafa. FL Studio ina Parametric EQ 2 inayoonyesha masafa ya sauti. Kwa programu nyingine, Voxengo SPAN ni ya bure.

## Hatua ya 1: Andika noti kwanza

Usianze kutengeneza sauti huku umeshikilia noti moja ndefu kwa kidole. Mwendo wa filta unategemea noti ina urefu gani, kwa hiyo lazima noti halisi za wimbo ziwepo na zizunguke wakati unafanya kazi.

Kwenye tempo 100, pigo moja ni milisekunde 600 na nusu pigo ni milisekunde 300. Kumbuka hiyo 300, tutairudia. Gawa baa katika nusu pigo nane. Noti ya kwanza ichukue tatu, yaani milisekunde 900. Ya nne iache kimya. Nne za mwisho weka noti nne fupi, kila moja nusu pigo.

Noti ya A tunayoitaka ina masafa ya 55 Hz. Hapa wengi wanapotea kwa sababu programu hazikubaliani kuhusu majina ya oktavu. FL Studio inaiita A2, Reaper inaiita A1, Ableton Live inaiita A0, na zote ni noti namba 33 ya MIDI. F na G ziwe chini ya hiyo A, na C iwe juu yake. Ukikosea oktavu moja kwenda juu, besi itakuwa nyembamba hata ufanye nini na filta. Ukikosea kwenda chini, A itakuwa 27.5 Hz, na sabufa nyingi za nyumbani haziifikii.

Jambo la mwisho kabla hujaendelea: punguza kila noti kidogo mwishoni ili isiguse inayofuata. Sababu utaiona kwenye hatua ya 4.

## Hatua ya 2: Osileta tatu zenye kazi tofauti

Fungua Vital ikiwa tupu. Kama kuna sauti nyingine imefunguka, chagua `Initialize Preset` kwenye menyu ya juu.

OSC 1 ndiyo mwili wa besi. Chagua jedwali la `Basic Shapes` na usogeze nafasi yake hadi umbo lionekane kama jino la msumeno. LEVEL iwe 0.7.

OSC 2 nayo iwe msumeno, lakini ipande nusutoni 12, yaani oktavu moja, na uiongezee senti 7. LEVEL 0.35.

OSC 3 iwe wimbi la saini, lile la mviringo, lisilo na kona. Usiipandishe wala kuishusha. LEVEL 0.5.

Osileta zote tatu zielekezwe `FILTER 1`. Unison ibaki sauti moja, PAN ibaki katikati.

Mafunzo mengi yanakuambia uweke misumeno miwili kwenye noti ileile kisha moja uilegeze senti chache. Kwa kodi za juu ni sawa. Kwa besi kuna mtego. Misumeno miwili iliyotofautiana kwa senti 7 kwenye 55 Hz inatofautiana kwa takriban 0.22 Hz, maana yake kila baada ya sekunde nne na nusu hivi mawimbi yao ya msingi yanakutana yakiwa yamepingana na kufutana. Baa moja besi ina uzito, baa inayofuata uzito umetoweka, na hujagusa kitu. Mtu anayesikia hivyo hukimbilia kompresa, na kompresa haiwezi kurudisha kitu kilichofutika.

Kwa kuipandisha OSC 2 oktavu moja, ule mtikisiko mtamu wa kianalogi unabaki kuanzia 110 Hz kwenda juu, na 55 Hz inaachwa salama mikononi mwa OSC 1 na OSC 3 ambazo hazijatofautiana hata senti moja.

Sasa angalia PHASE chini ya kila osileta. Kuna thamani mbili, na ya kulia inaonyesha asilimia ya kubahatisha. Kwa kawaida ni 100%, yaani kila noti inaanzia sehemu yoyote ya wimbi. Kwenye OSC 1 na OSC 3 iweke 0%. Usipofanya hivyo, noti moja itapiga kwa nguvu na nyingine kwa unyonge bila mpangilio, kwa sababu safari nyingine saini na msumeno vitaanza vikipingana. OSC 2 iache na 100%, hapo bahati nasibu haina madhara na inaleta uhai.

Utajua umefaulu ukizima OSC 3 kisha ukaiwasha tena: chini inajaa, lakini rangi ya sauti haibadiliki sana. Kwa sasa sauti itakuwa inawasha, ndivyo inavyotakiwa, filta bado haijafanya kazi yake.

## Hatua ya 3: Ifunge filta mpaka mahali pa kupumzikia

Washa `FILTER 1`. Chagua aina ya `Analog`, mtindo wa `24dB`, na BLEND iwe kushoto kabisa ili iruhusu sauti za chini na kukata za juu. RESONANCE weka 15%. DRIVE iache kwanza.

Usiguse envelopu bado. Shusha CUTOFF taratibu huku baa inazunguka. Vital inapima CUTOFF kwa nusutoni, na namba zake zinafuata noti za MIDI, hivyo 60 ni takriban 262 Hz. Teremka mpaka 50, ambayo ni takriban 147 Hz.

Hapo besi itakuwa imefunikwa, ya mviringo, bila meno. Hapa ndipo noti itakapoishia kila inapojifunga, ndiyo maana napaita mahali pa kupumzikia. Lazima papendeze penyewe. Kama hapa besi haina uzito, hakuna envelopu itakayoiokoa.

Kwa nini 50 na si chini zaidi? Filta ya 24dB haipunguzi tu sauti za juu, inachelewesha pia mawimbi yaliyo karibu na CUTOFF, na pale CUTOFF penyewe ucheleweshaji unafika karibu nusu ya mzunguko. Ukiishusha mpaka ikae juu ya noti yenyewe, pale 55 Hz, unakuwa umeanza kula mzizi wa besi. Kanuni ninayofuata ni kwamba mahali pa kupumzikia pawe mara mbili hadi tatu na nusu ya masafa ya noti za besi. Kwa 147 Hz, noti zetu zote, kuanzia F ya takriban 44 Hz hadi C ya takriban 65 Hz, ziko ndani ya kanuni hiyo.

Ucheleweshaji huohuo ndio sababu sishauri OSC 3 ipelekwe `DIRECT OUT` kukwepa filta, ingawa wengi wanafanya hivyo ili "sub ibaki safi". Saini inayokwepa filta na msumeno unaopita ndani yake haviendi tena sambamba, na kadiri filta inavyofunguka na kujifunga, uhusiano wao unabadilika katikati ya noti. Ukitaka kujua kama tayari unalo tatizo hilo, zima OSC 3. Kama besi inaongezeka uzito badala ya kupungua, vinafutana. Vikipita vyote kwenye filta moja vinacheleweshwa kwa kiasi kimoja, na hicho kinyang'anyiro hakipo.

## Hatua ya 4: Envelopu ya filta

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo tusikimbie.

Vital ina envelopu kadhaa. `ENV 1` inatawala ukubwa wa sauti yenyewe, usiitumie kwa filta. Shika `ENV 2` kwenye alama yake ya kuburuta, ivute mpaka juu ya CUTOFF ya Filter 1 na uiachie. Kitatokea kitufe kidogo cha kiasi.

Anza na envelopu hivi:

ATTACK 0.005, DECAY 0.25, SUSTAIN 0, RELEASE 0.1.

Kisha zungusha kiasi kutoka sifuri kwenda juu mpaka 0.30. CUTOFF ya Vital ina upana wa nusutoni 128, hivyo 0.30 inaipandisha takriban nusutoni 38 juu ya pale ilipokuwa. Kwa maneno mengine, kila noti inapopigwa filta inaruka kutoka 147 Hz hadi takriban 1,300 Hz, kisha inarudi chini ndani ya robo sekunde. Ndani ya robo sekunde hiyo, zile sauti za juu za msumeno zinachungulia na kujificha. Ndiyo "dwau" yenyewe.

Masikio yasiyozoea yanaweza kushindwa kuufuatilia mwendo huu, na kuna njia rahisi ya kuyasaidia. Pandisha RESONANCE kwa muda mpaka 60%. Filta itaanza kupiga mluzi pale CUTOFF ilipo, na utasikia kabisa mluzi unapanda na kushuka. Rekebisha DECAY na kiasi ukiwa unaufuata mluzi huo, kisha rudisha RESONANCE kwenye 15%. Usiisahau juu, maana kwenye wimbo wenye mwimbaji mluzi huo utagombana naye.

### DECAY na urefu wa noti

Rudi kwenye ile milisekunde 300 ya nusu pigo. DECAY ya 0.25 inamalizika kabla noti fupi haijaisha, hivyo kila noti fupi inafunguka na kujifunga kikamilifu. Noti ndefu ya mwanzo wa baa inafunguka, inajifunga, kisha inabaki nene na tulivu kwa zaidi ya nusu sekunde. Utofauti huo kati ya noti ndefu na fupi unaipa besi mwendo bila kuongeza noti hata moja.

Sasa jaribu DECAY 0.8 usikie kinachotokea. Noti fupi zinakatwa filta ikiwa bado imefunguka, zote zinang'aa kwa kiasi kilekile, na mwendo unapotea. Mtu akisikia hivyo huongeza kiasi cha envelopu, besi inazidi kuwasha, na mwendo bado haupo. Kosa hili ndilo ninalokutana nalo kuliko jingine lolote. Mwendo ukipotea, gusa DECAY kabla ya kugusa kiasi.

Upande wa pili upo pia. DECAY ya 0.06 inageuza noti kuwa "tk" ya kugonga, kisha besi iliyofunikwa. Kwa baadhi ya nyimbo inafaa, lakini sikio halipati muda wa kuusikia mwendo, linasikia kugonga tu.

Kwa tempo nyingine, gawanya 60,000 kwa tempo upate milisekunde za pigo, chukua nusu yake, kisha weka DECAY kwenye asilimia 80 hivi ya hapo. Kwa tempo 120 nusu pigo ni 250, DECAY inakuja karibu 0.2. Ni pa kuanzia tu, masikio yamalizie.

Umbo la mteremko nalo lina sauti yake. Kwenye picha ya envelopu kuna nukta katikati ya mstari wa DECAY. Mstari uliobonyea, unaoshuka haraka kisha unapunguza kasi, ndio unaotoa ule mguso wa kianalogi. Mstari ulionyooka unaisikilizisha filta kwa muda mrefu zaidi, na kwenye besi huwa unachosha.

### Noti zisizofunguka tena

Chini kulia weka VOICES 1, ili noti mbili zisipige kwa pamoja na kuchafua chini. Kisha zima LEGATO.

LEGATO ikiwa imewashwa na noti zako zimegusana au kupandana, Vital inaziona kama pumzi moja, na envelopu haianzi upya. Noti ya kwanza inafunguka, zinazofuata zote zinabaki zimefungwa. Ndiyo sababu nilikuambia upunguze mikia ya noti kwenye hatua ya 1. Ukizima LEGATO na noti zako zikawa na nafasi ndogo kati yake, kila moja itafunguka upya bila kukosa.

Kuna wakati utataka kinyume chake, kwa mfano G ya mwisho iteleze kwenda A bila kugonga upya. Hapo washa LEGATO, weka GLIDE 0.05, na uzipandanishe noti hizo mbili tu. Zilizobaki ziache na nafasi.

Utajua umefaulu hatua hii kwa kuweka SUSTAIN ya ENV 2 kwenye 0 na kusikiliza baa nzima bila ngoma: unaweza kuhesabu noti tano, kila moja ina mwanzo unaong'aa na mkia uliofunikwa, na mkia wa noti ndefu ni sauti ileile uliyoipenda kwenye hatua ya 3. Kama mkia ukiwa umezimika mno kwa wimbo wako, pandisha SUSTAIN hadi 0.15, filta itaishia karibu na 200 Hz badala ya 147.

## Hatua ya 5: Ukubwa wa sauti

Kwenye `ENV 1` weka ATTACK 0.003, DECAY 0.4, SUSTAIN 0.75, RELEASE 0.08.

Milisekunde hizo tatu za ATTACK zinaondoa mlio wa "tik" mwanzoni mwa noti. Ukisikia "tik" mwishoni mwa noti, RELEASE ndiyo fupi mno. RELEASE ya ENV 2 isiwe fupi kuliko ya ENV 1, la sivyo filta itajifunga ghafla wakati sauti bado inaisha, na utasikia mkia umekatwa.

## Hatua ya 6: Unene wa kianalogi

Sintesaiza za zamani hazikuwa nene kwa sababu ya wimbi la msumeno, maana msumeno ni msumeno. Unene ulitoka mahali pawili: saketi zilizozidiwa nguvu kidogo, na osileta ambazo hazikutulia kabisa kwenye noti.

La kwanza lifanye kwa DRIVE ya Filter 1. Pandisha hadi 5 dB. Osileta zote tatu zinaingia pamoja na kubanwa pamoja, na chini inaanza kutoa sauti za ziada ambazo sikio linazisikia kama mwili. Tahadhari ni moja: DRIVE inaongeza pia ukubwa wa sauti, na sauti kubwa kila mara inaonekana nzuri zaidi. Kabla ya kuamua, shusha sauti ya jumla mpaka yenye DRIVE na isiyo na DRIVE zilingane. Kama bado unaipenda, iache. Kama huoni tofauti, punguza.

Baada ya hapo nenda ukurasa wa `EFFECTS`, washa `Distortion`, aina ya `Soft Clip`, DRIVE 4 dB, MIX nusu. Hii ndiyo itakayoifanya besi isikike kwenye simu. Chorus na reverb ziache zimezimwa, zinapanua chini na besi inapoteza katikati yake.

La pili, kutotulia kwa osileta, tumia `RANDOM 1` ya aina ya `Perlin`, mwendo wake uwe wa polepole, karibu 0.3 Hz. Iburute mpaka kwenye TUNE ya OSC 2 tu, kiasi 0.02, na hakikisha mwendo unakwenda pande zote mbili za noti. Hutasikia noti ikicheza. Utasikia kwamba marudio ya baa hayafanani kabisa, na sikio halichoki haraka. Ukisikia noti inayumba, umezidisha.

Kisha buruta VELOCITY mpaka CUTOFF, kiasi 0.08. Sasa shusha nguvu ya noti ya pili na ya nne kati ya zile nne fupi. Zitafunguka kidogo kuliko wenzao, na besi itaanza kucheza na kiki badala ya kutembea kwa mstari.

## Hatua ya 7: Iweke ndani ya wimbo

Washa ngoma na sauti ya mwimbaji. Shusha besi mpaka chini kabisa, kisha ipandishe taratibu hadi uzito wa chini ukutane na kiki, usiendelee. Kata kila kitu chini ya 30 Hz kwa EQ.

Kama kiki inapotea besi inapoingia, mara nyingi ni ule mwanzo unaong'aa wa noti unaogongana na mguso wa kiki. Ongeza ATTACK ya ENV 2 kutoka 0.005 hadi 0.02. Filta itafunguka nyuma kidogo ya kiki, na kila mmoja atasikika. Mimi huanza na hili kabla ya kuweka kompresa inayosukumwa na kiki, kwa sababu halichukui uzito wowote wa besi.

Kwa kiitikio, hakuna haja ya sauti nyingine. Buruta `MACRO 1` mpaka CUTOFF, kiasi 0.06, kisha iandikie otomesheni: sifuri kwenye beti, juu kabisa kwenye kiitikio. Mahali pa kupumzikia patapanda takriban nusutoni 8, besi ileile itasogea mbele, na mwimbaji atapata msukumo bila besi kuongezewa sauti.

## Hatua ya 8: Simu, kisha sabufa

Toa wimbo kama WAV, utume kwenye simu, uusikilize kwa spika ya simu bila hedifoni. Spika ndogo hizi hazitoi kitu cha maana chini ya 200 Hz, kwa hiyo 55 Hz haimo kabisa. Lakini mwendo wa filta unapita pale 300 hadi 1,300 Hz, na sikio likisikia sauti za juu za noti linajijazia mzizi lenyewe. Kama kwenye simu unaweza kuimba mstari wa besi, hatua za 4 na 6 zimekaa. Kama husikii kitu, usipandishe sauti ya besi. Ongeza MIX ya Soft Clip, au kiasi cha ENV 2 kutoka 0.30 hadi 0.35.

Sabufa inakuonyesha upande mwingine. Ukitaka jaribio gumu, nenda nalo Kirumba mwaloni au kwa fundi yeyote wa redio anayekuruhusu kuchomeka simu. Sabufa nyingi za nyumbani zina masafa fulani yanayovuma kuliko mengine, hivyo noti moja kati ya nne itaonekana kubwa ghafla. Kama ni noti tofauti kwenye kila sabufa, ni tabia ya sabufa, usibadilishe kitu. Kama ni noti ileile kila mahali, itafute kwenye kipimo cha masafa na upunguze nguvu ya noti hiyo kwenye MIDI, au ukate 2 dB kwenye masafa yake.

Noti ya F ikikosekana kwenye sabufa ndogo, ni kwa sababu 44 Hz iko chini mno kwa kifaa hicho. Pandisha OSC 3 hadi nusutoni 12 na usikilize tena. Saini itakuwa inasimama kwenye 87 Hz na sabufa itaishika. Utapoteza kina kidogo kwenye spika kubwa, na kwa wimbo unaolenga simu na sabufa, mimi ningekubali biashara hiyo.

## Mambo yanayoharibika baada ya kumaliza

Kompyuta inakwama na sauti inakatika. Kwenye ukurasa wa `ADVANCED` shusha `OVERSAMPLING` hadi 1x wakati unafanya kazi, irudishe juu wakati wa kutoa wimbo. Sikiliza tena baada ya kuirudisha, kwa sababu DRIVE hubadilika rangi kidogo.

Besi inasikika vizuri peke yake, ndani ya wimbo haina mwendo. Gitaa au kinanda kimekaa palepale 300 hadi 800 Hz. Zima vyombo kimoja kimoja mpaka mwendo urudi, kisha mpunguzie huyo aliyeufunika 3 dB mahali hapo. Usiongeze chochote kwenye besi.

Umeme umekatika katikati ya kazi. Hifadhi sauti ndani ya Vital yenyewe, si ndani ya projekti peke yake, kila unapomaliza hatua. Iandike jina lenye tempo, kwa mfano `besi_am_100`, kwa sababu DECAY uliyoiweka ni ya tempo hiyo, na ukiipeleka kwenye wimbo wa 120 bila kuigusa noti fupi zitakatwa kabla filta haijajifunga.